Johannesburg, Mumbai au Frankfurt: seva tuiweke wapi?

Tuko sita kwenye Minecraft: wanne Dar, mmoja Nairobi, mmoja Muscat. Seva tukodi mji gani?

Ramani inasaidia nusu tu. Mwanga ndani ya mkongo huenda takriban kilomita 200 kwa milisekunde, hivyo kila kilomita 1,000 ni milisekunde 10 za kwenda na kurudi. Dar hadi Johannesburg ni kama kilomita 2,500 kwa ndege. Chini ya 25 hampati hata mfanyeje, na mkongo wenyewe huzunguka kwa baharini.

Kampuni nyingi za seva hutoa anwani ya majaribio kwa kila mji. Kila mmoja apime kwa bando analochezea, saa mbili usiku watu wakiwa wamejaa mtandaoni. Kwenye Windows:

```
ping -n 20 ANWANI
```

Msitazame wastani, tazameni anayeumia zaidi. Tuseme Johannesburg inawapa wa Dar 60, Nairobi 75 na Muscat 190. Mumbai inawapa 105, 95 na 40. Kwa wastani wa wote sita Johannesburg inashinda, lakini mimi ningechukua Mumbai. Kwenye Minecraft 105 haimsumbui mtu, ila kwa 190 yule wa Muscat atavunja tofali halafu limrudie mbele ya macho. Ingekuwa michezo ya kurushiana risasi, hapo wa Dar wangelalamika, na wana haki. Frankfurt iacheni: mtapitia Bahari ya Shamu bila sababu.

Niko Kampala, seva iko Nairobi, ping ni 180. Inakuwaje?

Data yako huenda inapelekwa Ulaya kisha inarudishwa. Hutokea mtandao wako na wa seva wasipokutana hapa jirani. Andika:

```
tracert ANWANI
```

Soma mstari kwa mstari. Ukiona 12, 15, kisha ghafla 160, hapo ndipo ilipovuka bahari. Jina la kifaa kwenye mstari huo mara nyingi hubeba kifupi cha mji, kama `lon` au `mrs`. Kuhamisha seva hakutasaidia. Jaribu laini ya mtandao mwingine, au muulize mwenye seva kama ameunganishwa KIXP, kituo cha Nairobi ambako mitandao hubadilishana data.

VPN inashusha ping?

Ni pale tu njia ya kawaida inapokuwa mbovu, kama ya huyo wa Kampala. Kwingine inaongeza.

Mei 2024 seva yetu ya Afrika Kusini ilikuwa haichezeki kabisa. Tuihamishe?

Siku zile mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika, na Tanzania iliathirika sana. Kwa tukio la namna hiyo nisingehama. Wekeni nakala ya folda ya `world` nje ya seva. Njia ya kusini ikikatika tena, mnakodi Mumbai kwa mwezi mmoja na kuipakia huko.