Mchanga na mawe: jirani au machimboni?

"Jirani ananiuzia tripu ya mchanga 180,000. Machimboni ni 90,000, usafiri 120,000. Mawe pia nahitaji. Nichukue wapi?"

Ndugu, linganisha ujazo, siyo tripu. Pima bodi la lori kwa tepu: urefu mara upana mara kina cha mchanga wenyewe. La jirani likibeba mita za ujazo 5, kila moja ni 36,000. La machimboni likibeba 7 kwa 210,000, ni 30,000. Machimboni nafuu, mradi unahitaji tripu nzima. Mimi niliwahi kulipa bila kupima, nikaletewa kichuguu katikati, pembeni bodi tupu! Mawe yaliyotupwa ovyo huacha mianya, yapangwe kwanza ndipo upime.

Tikisa mchanga na maji kwenye chupa, uache utulie. Mchanga sentimita 10, tope juu yake likizidi 1, kataa. Zege la nguzo, muulize mhandisi.