Re: MCV 64, shida ni nini?

"Wakuu, mama yangu miaka 44, Hb 7.1, MCV 64, RBC 3.6, RDW 19. Damu inapungulia wapi?"

Mkuu, MCV ni ukubwa wa chembe nyekundu, chini ya 80 ni ndogo, so folate na B12, ambazo zikipungua chembe huwa kubwa, weka pembeni kwanza, wanabaki washukiwa wakuu wawili, upungufu wa madini ya chuma au thalasemia, ugonjwa wa damu wa kurithi ambao huku Pwani upo sana. Gawanya MCV kwa RBC yaani idadi ya chembe nyekundu, 64 kwa 3.6 ni kama 18, ikizidi 13 inaelekea chuma, na RDW 19 yaani chembe hazilingani saizi inaunga mkono. Apime feritini inayoonyesha akiba ya chuma, ila akiwa na malaria inapanda kiuongo. Halafu muulize hedhi ikoje, chuma kinapotelea wapi ndo swali lenyewe.