Miaka minne ni yangu, mke wangu alikuwa na miezi kumi

Bima yetu ya afya niliikata Julai 2019, nikiwa bado kapera pale Uyole. Nilipooa, nikampeleka mke wangu akaandikishwe kwenye mkataba uleule. Kadi yake ilipotoka akaugua malaria, akatibiwa bila kutoa hata senti. Nikajua tumemaliza.

Tarehe 6 Januari 2024 alijifungua kwa upasuaji. Hospitali ikaniambia bima imekataa kulipa. Nikakimbilia ofisi ya bima nikiwa na risiti za miaka yote. Dada wa mapokezi akazitazama kwa upole, akasema, "Kaka, hiyo miaka minne ni yako wewe. Shemeji ana miezi kumi."

Alikuwa sahihi, na ndiyo maana naandika. Kwenye mkataba wetu, kama ilivyo kwenye mingi, muda wa kusubiri, yaani kipindi ambacho uko kwenye bima lakini huduma fulani bado hailipiwi, huhesabiwa kwa kila mtu kuanzia siku yeye alipoingia. Uzazi kwetu ni miezi 12. Matibabu ya kawaida hayakuwa na kusubiri, ndiyo maana kadi ilikubali malaria ikaja kugoma leba.

Kosa langu la pili lilikuwa tarehe yenyewe. Fomu niliipeleka 15 Januari 2023, nyongeza ya ada nikailipa Februari mwanzoni, lakini hati ya nyongeza ya mkataba ilisema ameingia 1 Machi 2023. Hiyo ndiyo inayohesabiwa. Miezi 12 ilikuwa itimie 29 Februari 2024, kwa hiyo tulikuwa tumebakiza wiki nane hivi. Nilidhani pia kwamba kuhuisha mkataba kila Julai kunasogeza hesabu yake. Wala hakusogezi, wala hakuirudishi nyuma, mradi usiache bima ikakatika katikati.

Kwa hiyo usiangalie tarehe iliyo juu ya ukurasa wa kwanza. Tafuta jedwali la wanufaika, usome tarehe iliyo mbele ya jina la mkeo, kisha hesabu kwa kila aina ya huduma: uzazi peke yake, upasuaji peke yake, ugonjwa aliokuja nao peke yake. Kwa uzazi uliza swali moja zaidi: wanaangalia siku ya kujifungua au siku mimba ilipoingia? Kuna mikataba inayotaka mimba itungwe baada ya muda kuisha, na hapo mwaka mmoja unakaribia kuwa miwili.

Kwa mtoto nilikuwa nimeshaerevuka. Mkataba wetu unampokea mchanga tangu kuzaliwa ukitoa taarifa ndani ya siku 30. Ukichelewa, anasubiri kama mgeni. Nilipeleka tangazo la kizazi siku ya 13. Hati ikarudi imeandikwa ameingia 1 Februari. Sikuondoka pale dirishani mpaka wakaandika 6 Januari na kugonga muhuri.