Moki ya kaunti na KCSE: nani anatunga, nani anasahihisha, na nini kinaingia kwa gredi

Swali: "Mwalimu, binti yangu yuko fomu foo. Moki ya kaunti alifanya akiwa na malaria akapata C+. Hiyo gredi inatumwa KNEC ichanganywe na ya KCSE? Na akiugua tena Novemba, moki inaweza kumwokoa?"

Jibu: Hapana mama, haitumwi, na hapana, haiwezi kumwokoa. Moki haina hata maksi moja ndani ya gredi ya KCSE. KNEC haiiitishi na hata shule ikitaka kuituma hakuna pa kuiweka. Nimefundisha kemia na kusahihisha KCSE, na hili swali huja kila mwaka baada ya likizo ya Agosti, kwa hivyo wacha nieleze pole pole.

Moki hutungwa na walimu kama mimi. Shule kadhaa zinaungana, ama kaunti ndogo, ama kaunti nzima, kila shule inapewa somo au karatasi ya kutunga, halafu inapigwa chapa na kusambazwa. Swali zuri linaweza kuwa humo, lakini halijapitia mikono mingi kabla ya kufika kwa mtoto, ndiyo maana utaona moki moja ina kemia ngumu ajabu na ya jirani ni rahisi. KCSE hutungwa kwa siri chini ya KNEC, inakaguliwa na kupimwa dhidi ya silabasi, na karatasi hukaa ndani ya kontena mpaka siku ya mtihani wenyewe ndipo mwalimu mkuu anaenda kuchukua.

Kwenye kusahihisha ndiko kuna tofauti kubwa zaidi, na wazazi wengi hawaijui. Moki ya binti yako ilisahihishwa labda na mwalimu wake mwenyewe, anayejua mwandiko wake, amechoka, ana karatasi mia mbili na anatakiwa kutoa maksi wiki hiyo hiyo. KCSE wasahihishaji hukusanyika mahali pamoja, na siku za kwanza hakuna karatasi halisi inayoguswa, tunapitia mwongozo swali kwa swali, tunasahihisha karatasi za mazoezi, tunalinganisha maksi mpaka sote tuwe tunaona kitu kimoja. Halafu kila mtu anapewa swali lake au maswali machache, karatasi inapita kwa mkono huu na ule mpaka inajaa. Kiongozi wa kikundi anarudia baadhi ya zile umesahihisha na ukiwa umepotoka anakurudishia. Mtoto humwoni wala humjui.

Chukua mfano wa kemia karatasi ya 3, ile ya maabara, mtoto anapofanya taitresheni. Ile jedwali ya byureti ina maksi zake hata kabla ya hesabu kuanza: jedwali ikiwa imejazwa yote, nukta za desimali zikiwa za aina moja kote, na jibu likiwa karibu na lile mwalimu wa shule alipata kwa kemikali zile zile. Hapo kwa mwisho ndipo moki nyingi huharibika. Mwalimu hajafanya jaribio lake kabla, au kemikali zimechanganywa kwa haraka, basi maksi za usahihi zinatolewa kwa kukisia. Kwa hivyo mtoto akikuambia praktiko ya moki alipata chini, muulize kama mwalimu alifanya jaribio mwenyewe na akaandika jibu lake. Kama hakufanya, hiyo maksi usiitegemee sana, iwe juu au chini.

Sasa gredi zenyewe. Kwenye moki shule inakaa na jedwali lake, wengine wanasema 80 ni A, wengine 75, wengine 70. KNEC haina mstari mmoja wa kudumu, mipaka ya gredi inaamuliwa kwa kila somo baada ya kusahihisha, kulingana na mtihani wa mwaka huo. Ndiyo maana maksi 55 ya hesabu na 55 ya CRE hazikupi gredi sawa. Mtu akikuambia "moki 60 ni B, KCSE itakuwa B" hajui anachosema.

Halafu angalia hiyo C+ ilijumlishwaje, maana nimeona shule ambazo ripoti ya moki bado inatumia hesabu ya zamani. Tuseme mtoto ana hizi: hesabu C- (5), kiingereza C+ (7), kiswahili B+ (10), bayolojia C+ (7), kemia D+ (4), CRE B+ (10), jiografia B (9), kilimo B (9). Zamani ilikuwa lazima uhesabu hesabu, lugha zote mbili, sayansi mbili, somo moja la kundi la tatu kama CRE au jiografia, na moja lolote, kwa hivyo 5+7+10+7+4+10+9 ni pointi 52, na 52 ni C+. Tangu KCSE ya 2023 zinazolazimishwa ni mbili tu, hesabu na lugha moja, halafu masomo matano bora yaliyobaki. Hapo kemia inatoka yenyewe: 5+10+10+9+9+7+7 ni 57, na 57 ni B-. Mtoto yule yule, karatasi zile zile, gredi tofauti. Chukua ripoti ya binti yako ukae na kalamu, fanya hiyo hesabu kabla hamjasikitika. (Lakini kemia ukiitupa hivyo hivyo kumbuka kozi kama uuguzi zinaangalia gredi ya somo lenyewe, si wastani tu.)

Kuna kitu kimoja cha shuleni ambacho KWELI kinaingia KCSE na si moki, ni mradi. Kama anafanya kilimo, kompyuta, au masomo ya ufundi kama kazi ya mbao, maagizo ya mradi hutoka KNEC mwanzoni mwa mwaka, mwalimu anaangalia kazi hatua kwa hatua, anaipa maksi na kuzipandisha kwenye mfumo wa KNEC. Hizo zinahesabiwa. Inaniuma sana kuona mtoto amekesha akisomea moki isiyohesabiwa huku shamba lake dogo la mradi limejaa magugu na rekodi zake hazijaandikwa tangu Mei. Muulize mradi umefika wapi, leo leo.

Kuhusu kuugua Novemba. Akiwa mgonjwa lakini anaweza kushika kalamu, usimwache nyumbani kimya kimya. Mwambie mwalimu mkuu mara moja, yeye ndiye msimamizi wa kituo na ndiye anayewasiliana na KNEC kupitia maafisa wa elimu, na watahiniwa hufanya KCSE hospitalini chini ya msimamizi na polisi, hilo ni jambo la kawaida. Lakini akikosa karatasi kabisa, somo hilo litaonyesha X, na hakuna mwalimu, hata awe na moki ya A mkononi, anayeweza kujaza pale. Itabidi asajiliwe tena mwaka unaofuata. Kwa hivyo weka namba ya simu ya mwalimu mkuu karibu kuanzia Oktoba, na kama malaria inamrudia rudia mpeleke apimwe sasa, kabla praktiko hazijaanza.