Kwa nini transfoma "hutoweka" tunapohesabu kwa kizio

Swali: Mhandisi, ninasoma mifumo ya nguvu za umeme. Kila transfoma iliyomo kwenye mchoro inanilazimisha kuhamisha omu kutoka upande mmoja kwenda wa pili, na mara nyingi hukosea. Nimeambiwa nitumie pu, yaani kuhesabu kwa kizio, lakini sielewi inawezekanaje namba moja ya transfoma iwe sahihi pande zote mbili, wala kwa nini niibadilishe tena ninapochagua MVA nyingine.

Jibu: Tuanze na jinsi namba hiyo inavyopatikana kiwandani. Chukua transfoma ya fezi tatu ya 40 MVA, 11/132 kV, ambayo kibao chake kinasema impidansi ni asilimia 10. Fundi wa majaribio hupiga shoti koili za upande mmoja, kisha hupandisha volteji ya upande wa pili polepole mpaka mkondo ufikie ule ulioandikwa kwenye kibao. Akilisha kutoka upande wa 11 kV, atahitaji 1.1 kV. Akilisha kutoka upande wa 132 kV, atahitaji 13.2 kV. Volti zimetofautiana mara kumi na mbili, lakini kila moja ni sehemu ya kumi ya volteji kamili ya upande wake. Sehemu hiyo, yaani 0.10, ndiyo impidansi kwa kizio, na haiulizi umesimama upande gani.

Ukitaka kuiona kwa omu, gawanya mraba wa kV kwa MVA upate impidansi ya msingi. Upande wa 11 kV ni 121/40, yaani 3.025 Ω, na asilimia 10 yake ni 0.3025 Ω. Upande wa 132 kV ni 17424/40, yaani 435.6 Ω, na asilimia 10 yake ni 43.56 Ω. Omu hizi mbili zinatofautiana mara 144, ambayo ni mraba wa uwiano wa 12, na impidansi za msingi nazo zinatofautiana mara 144 hizo hizo. Hesabu ya kuhamisha omu iliyokuwa ikikusumbua imeshafanyika ndani ya msingi, mara moja tu, pale ulipochagua volteji za msingi zinazofuata uwiano wa transfoma. Angalia pia kwamba ukitumia kV ya kati ya fezi na fezi pamoja na MVA ya fezi tatu, kipeuo cha pili cha 3 hakitokei kabisa katika impidansi. Hukutana nacho mwishoni tu, unapotafuta ampea.

Sasa tuiweke transfoma hiyo kwenye mnyororo. Jenereta ni ya 60 MVA, 11 kV, yenye riaktansi ya mwanzo wa shoti ya 0.18. Inafuatiwa na transfoma yetu ya 40 MVA, kisha laini ya 132 kV yenye urefu wa kilomita 50 na riaktansi ya 0.4 Ω kwa kilomita, na mwisho transfoma ya 25 MVA, 132/33 kV, yenye asilimia 12. Ukinzani tunauacha kwa kuwa hapa ni mdogo kulinganisha na riaktansi. Tunataka mkondo wa shoti ya fezi tatu kwenye kituo cha 33 kV.

Kila kibao kinazungumza kwa MVA yake, na asilimia 10 ya 40 MVA haiwezi kujumlishwa na asilimia 12 ya 25 MVA, kama vile huwezi kujumlisha robo ya shamba kubwa na robo ya shamba dogo ukapata nusu ya kitu chochote. Ndiyo maana tunachagua msingi mmoja, tuseme 100 MVA, na kuzidisha kila namba kwa MVA mpya iliyogawanywa kwa ya zamani. Jenereta inakuwa 0.18 × 100/60, yaani 0.30, transfoma ya kwanza 0.25, ya pili 0.48. Laini haina kibao, kwa hiyo tunagawanya 20 Ω zake kwa impidansi ya msingi ya mahali ilipo, ambayo ni 17424/100, yaani 174.24 Ω, na kupata 0.115. Jumla ni 1.145. Volteji kabla ya shoti ikiwa 1.0, mkondo ni 1/1.145, yaani 0.873.

Namba hiyo moja ndiyo mkondo wa kila sehemu ya mnyororo. Ampea zinapatikana kwa kuizidisha na mkondo wa msingi wa mahali husika: ni 1750 A kwenye 33 kV, hivyo shoti ni takriban 1528 A, kwenye laini ni 382 A, na kwenye jenereta ni takriban 4580 A. Hatukuvuka transfoma yoyote kwa kuzidisha wala kugawanya omu.

Faida ambayo mimi naithamini kuliko zote ni kwamba kosa linajifichua. Mwanafunzi akigawanya zile 20 Ω za laini kwa impidansi ya msingi ya upande wa 11 kV, ambayo ni 1.21 Ω, atapata 16.5. Laini ya kilomita 50 yenye 16.5 kwa kizio kwenye 100 MVA haiwezi kuwa kweli, na jicho lililozoea litaikataa papo hapo. Kwa omu, 20 na 2880, ambayo ni 20 mara 144, zote zinaweza kupita bila kutiliwa shaka.

Mtego mkubwa uko kwenye volteji za msingi. Tuseme kibao cha transfoma ya kwanza kinasoma 11/138 kV, si 132. Ukianza na 11 kV kwenye jenereta, msingi wa laini lazima uwe 138 kV, na baada ya transfoma ya pili, yenye uwiano wa 4, uwe 34.5 kV. Laini sasa ni 20/190.44, yaani 0.105. Transfoma ya pili nayo inarekebishwa kwa mraba wa 132/138 pia, na kushuka kutoka 0.48 hadi 0.439. Jambo la ajabu kidogo ni kwamba mkondo wa shoti hapa haubadiliki sana, unabaki takriban 1529 A, kwa sababu volteji iliyopanda na impidansi ya nyuma inayoonekana kubwa zaidi karibu zinafutana. Mtu aliyepuuza kibao atadhani hajakosea. Lakini ataandika kwamba kituo kisicho na mzigo kina 33 kV, ilhali mita itasoma 34.5 kV, zaidi kwa asilimia 4.5, na hilo ni kosa zito kwa anayechunguza volteji.

Katika mnyororo unaweza kufuata uwiano hadi mwisho. Katika pete huwezi kila mara. Transfoma mbili zenye uwiano tofauti zikifungwa sambamba, msingi unaoupata kwa kupitia moja hautalingana na unaoupata kwa kupitia nyingine. Hapo unachagua msingi mmoja, na ile transfoma isiyolingana inabaki kwenye mchoro na uwiano wake, kwa mfano 1.045 kwa 1, ikisukuma mkondo wa kuzunguka kati ya hizo mbili hata pasipo na mzigo wowote.