Tendo la ndoa wakati wa mimba, na damu niliyoiona mwezi wa tano

Huku kwetu Mbeya, mtoto akizaliwa na utando mweupe mwilini, wapo watakaomtazama mama yake kwa jicho la lawama. Wanaamini ule utando ni mbegu za baba, kwamba wazazi hawakujizuia. Mimba yangu ya kwanza mama mkwe aliniita jikoni akaniambia taratibu, "Mwanangu, mwache mtoto akae msafi." Mume wangu aliambiwa hivyohivyo na wakubwa zake, akahamia upande wa pili wa kitanda.

Ule utando hautoki kwa baba. Ngozi ya mtoto yenyewe huutengeneza miezi ya mwisho, mafuta mazito yanayoilinda isilowe na maji ya uzazi. Mbegu haziwezi kumfikia. Shingo ya kizazi imefungwa na ute mzito, na juu yake mtoto yuko ndani ya chupa yake, amezungukwa na maji na msuli mnene wa kizazi. Uume unaishia ukeni, haumgusi. Akichezacheza baada ya tendo, ni kwa sababu mapigo ya moyo wako yamebadilika na kizazi kimejikaza kidogo. Haumii.

Kwa hiyo mimba ikiwa haina tatizo, tendo ni salama mpaka karibu na kujifungua. Kinachobadilika ni hamu. Miezi mitatu ya kwanza mimi nilikuwa sitaki hata kuguswa: kichefuchefu, usingizi usioisha, matiti yanauma hata nguo ikiyapitia. Mume anaweza kudhani amechukiwa, ni vizuri umwambie. Mwezi wa nne kichefuchefu kilipoisha, hamu ilirudi kwa nguvu ambayo sikuitegemea. Mkunga alinieleza kwamba damu huwa nyingi zaidi sehemu za nyonga, na baadhi yetu tunahisi kila kitu kwa ukali zaidi. Wengine haiwarudii kabisa, nao hawana ugonjwa.

Damu hiyohiyo nyingi ndiyo inayofanya shingo ya kizazi ilainike na kuvuja kirahisi ikiguswa. Matone machache ya rangi ya waridi au kahawia baada ya tendo, yanayokoma ndani ya siku moja, mara nyingi yanatoka hapo. Hata hivyo yaseme kliniki.

Yangu haikuwa hivyo. Mimba ya pili, mwezi wa tano, nilitoka damu nyekundu mbichi iliyolowesha nguo, bila maumivu yoyote. Hapo hakuna kungoja kuche. Tulitafuta bajaji usiku uleule, baridi ya Uyole ikitukata. Muuguzi aliuliza kama nina maumivu, nikasema sina, akakataa mtu yeyote kuniingiza kidole ukeni kabla ya ultrasaundi. Alikuwa sahihi kabisa, kwani kondo la nyuma likiwa limeziba njia, kidole kinaweza kuamsha damu isiyozuilika. Ultrasaundi ilionyesha kondo limekaa chini, karibu na mlango wa kizazi. Tukaambiwa tusikutane mpaka nipimwe tena wiki ya 32.

Kondo halitembei, lakini sehemu ya chini ya kizazi inavyozidi kutanuka, kondo hujikuta mbali na mlango. Kwa wengi wanaoambiwa hivyo katikati ya mimba, hali hujirekebisha. Wengine wanaokatazwa ni waliokwishapasuka chupa, wenye shingo ya kizazi iliyolegea, na wenye dalili za uchungu kabla ya wakati.

Wiki za kungoja ndizo ninazoziogopea ndoa nyingi. Njombe, Iringa na Mbeya ni kati ya mikoa yenye maambukizi makubwa ya virusi vya Ukimwi nchini, na bado utasikia kwamba mume wa mjamzito aachwe atoke kidogo. Akiambukizwa nje akamletea mkewe, virusi vipya huwa vingi mno mwilini, na mtoto yumo hatarini zaidi kuliko kwa mama aliyekwishaanza dawa. Kipimo cha kwanza cha kliniki kitakuwa kimeshapita. Kama kuna shaka, tumieni kondomu na muombe kupimwa tena miezi ya mwisho, wote wawili. Sisi tulikumbatiana tu, tukasuguana mgongo, na tukazungumza waziwazi kuhusu kile alichokikosa kila mmoja.

Wiki ya 32 kondo lilikuwa limepanda. Tulianza tena kwa kulala ubavu, yeye nyuma yangu, mto chini ya tumbo. Kulala chali muda mrefu miezi hiyo kizazi hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, ndiyo kizunguzungu kinakuja. Ukifika kileleni tumbo litakaza kama jiwe kisha lilegee ndani ya dakika chache. Likiendelea kukaza na kuachia kwa mpangilio hata baada ya kupumzika, au ukaona maji au damu, nenda hospitali.