Mkaguzi wa GlobalGAP na kikundi cha mishiri

"Tuko wakulima 36 wa mishiri hapa Mwea, cheti ni cha kikundi. Mkaguzi anakuja mwezi ujao. Atazunguka mashamba yote ama tuandae yale mazuri?"

Hazunguki yote, na nyinyi hamtamchagulia. Ndugu aliyewajibu hapa kwamba atatembelea mashamba sita yuko sawa nusu: kwa kawaida sampuli ni kipeuo cha pili cha idadi ya wanachama, na sita ndiyo idadi ya chini. Alichosahau ni kwamba kabla ya hapo mkaguzi wenu wa ndani lazima awe amekagua mashamba yote 36 mwaka huu, na la kwake likaguliwe na mtu mwingine. Mafaili hayo ndiyo yatafunguliwa kwanza.

Kinachoangusha mishiri zaidi ni siku za kusubiri baada ya kupuliza dawa, kwa sababu mnachuma mara kadhaa kwa wiki. Mkaguzi atashika kreti moja pale shedi, asome namba ya mkulima, kisha aombe daftari lake. Kama alipuliza Jumatatu, lebo ya dawa inasema siku 7, na kreti ni ya Jumamosi, hamna la kujitetea. Chukueni kreti tatu leo mjaribu wenyewe. Daftari lililojazwa lote kwa kalamu moja na mwandiko wa haraka litamtia shaka pia.

Kama atalihesabu hilo kosa la mkulima mmoja ama la mfumo mzima, hapo jiandaeni kubishana.